Sifa Zenye Ushahidi: Kuandika Upya Pendekezo la Kumpandisha Muuguzi Daraja

Muuguzi mkuu wa wodi anapokalia kiti chake kuandika pendekezo la kumpandisha daraja mmoja wa wauguzi wake, maneno humjia upesi. Mchapakazi. Mwadilifu. Mwenye kujituma. Anashirikiana vizuri na wenzake. Maneno hayo ni mazuri, na mara nyingi ni ya kweli. Tatizo ni kwamba kamati itakayoyasoma imekwisha kuyasoma katika majalada mengine mengi asubuhi hiyohiyo, yakimhusu mtu mwingine, na pengine yakiwa yameandikwa na kiongozi ambaye hakuwahi kufanya kazi zamu moja na huyo anayemsifia. Maneno yakishafanana, kamati hubaki na vigezo ambavyo vinahesabika kwa urahisi: miaka kazini, vyeti, na tarehe ya kupandishwa mara ya mwisho. Muuguzi aliyefanya kazi ya pekee hutoka sawa na yule aliyehudhuria tu.

Hasara ya jambo hili haimwangukii muuguzi peke yake. Daraja la juu huja na mamlaka. Anayepandishwa ndiye atakayesimamia zamu ya usiku, atakayeamua daktari aitwe saa ngapi, na atakayewaelekeza wauguzi wapya. Mgonjwa aliyelazwa saa nane za usiku hana habari na barua iliyoandikwa ofisini miezi kadhaa iliyopita, lakini matokeo ya barua hiyo yamesimama kando ya kitanda chake.

Makala haya yanafuata pendekezo moja tangu lilipoandikwa kwa mara ya kwanza hadi lilipoandikwa upya, dai kwa dai. Muuguzi anayezungumziwa na hospitali yake ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo, ingawa kazi zinazotajwa ni zile zinazofanyika kila siku katika wodi za wazazi za hospitali za wilaya.

Somo kutoka kwa marubani

Ugonjwa wa kuandika sifa au kasoro bila tukio si mpya, na haukuanzia hospitalini. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, alichapisha maelezo ya njia aliyoiendeleza alipokuwa akifanya kazi na jeshi la anga la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kuchunguza sababu zilizoandikwa na bodi kuhusu wanafunzi 1,000 wa urubani walioondolewa mafunzoni mwaka 1941. Sababu nyingi zilikuwa za jumla mno: kwamba mwanafunzi hana kipaji cha kurusha ndege, hana busara ya kutosha, au hulka yake haifai. Maelezo ya namna hiyo hayakumwezesha mtu yeyote kujua mwanafunzi alifanya nini angani, wala nini kirekebishwe katika mafunzo.

Flanagan na wenzake wakabadilisha swali. Badala ya kuuliza mtu huyu yukoje, waliuliza alifanya nini katika tukio fulani, hali ilikuwaje, na matokeo yalikuwa nini. Tukio lililoonwa na shahidi anayeaminika likawa ndiyo malighafi ya tathmini, na sifa ikawa hitimisho linalotolewa baada ya matukio kukusanywa. Njia hiyo ilisambaa hadi katika fani nyingine, uuguzi ukiwamo. Anayeandika pendekezo la kupandisha daraja anaweza kuitumia bila mafunzo maalumu, mradi akubali kwamba sifa isiyo na tukio nyuma yake bado ni maoni.

Rasimu ya kwanza

Muuguzi wa mfano huu ni Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, mwanamke, mwenye miaka minne katika wodi ya wazazi. Kiongozi wake anampendekeza apande Daraja la I. Rasimu ya kwanza ilisomeka hivi:

*Napenda kumpendekeza mtumishi tajwa apandishwe daraja. Ni mchapakazi hodari mwenye kujituma. Ni mwadilifu na anashirikiana vizuri na wenzake. Ni kiongozi wa mfano. Amechangia kwa kiasi kikubwa kupunguza vifo vya kina mama wodini. Anawajali wagonjwa kwa moyo wote. Ninaamini anastahili.*

Hatua ya kwanza ya kuandika upya ni kuyatenga madai. Kiongozi anapiga mstari chini ya kila neno linalosema jambo kuhusu mtumishi, kisha anayaandika moja moja katika karatasi tupu, kila moja na nafasi chini yake. Rasimu hii fupi ina madai sita: kujituma, uadilifu, ushirikiano, uongozi, kupungua kwa vifo, na kujali wagonjwa. Sentensi ya kwanza na ya mwisho hazina dai lolote. Ni adabu ya barua.

Hatua ya pili ni kujibu maswali manne chini ya kila dai. Alifanya nini hasa? Lini, na katika hali gani? Matokeo yalikuwa nini? Na limeandikwa wapi? Swali la nne ndilo linalomtoa kiongozi kitini. Kumbukumbu ya binadamu huvutwa na mambo ya karibuni na yaliyomgusa. Kiongozi anayetegemea kumbukumbu tupu ataandika kuhusu wiki sita zilizopita na kudhani ameandika kuhusu mwaka mzima. Wodi, kwa bahati nzuri, ina maandishi mengi kuliko ofisi nyingi: daftari la makabidhiano ya zamu, rejesta ya MTUHA, majalada ya wagonjwa, chati ya joto la jokofu, daftari la dawa zinazodhibitiwa, na mihtasari ya vikao vya kupitia matukio. Kiongozi wa mfano huu alitenga saa tatu kwa siku mbili kuyapitia. Alichokipata kilibadilisha barua yote.

Kujituma: kutoka neno hadi jokofu

Jambo la kwanza lililomjia kiongozi kuhusu kujituma ni zamu za ziada. Muuguzi huyu alikubali kuziba nafasi za wenzake mara nyingi. Ushahidi huo upo katika ratiba, lakini ni ushahidi dhaifu. Zamu za ziada mara nyingi huonyesha uhaba wa watumishi kuliko sifa ya mtu, na zikifanywa kipimo humwadhibu muuguzi anayenyonyesha au anayemuuguza mzazi nyumbani. Aidha, hazisemi lolote kuhusu kilichofanyika ndani ya zamu hizo.

Daftari la makabidhiano lilitoa kitu bora zaidi. Mwezi Machi muuguzi huyu aliandika kwamba amekuta ampuli za oksitosini juu ya rafu ya chumba cha kujifungulia. Oksitosini ndiyo dawa inayochomwa mara mtoto anapozaliwa ili kuzuia mama asitokwe damu nyingi, na hupoteza nguvu yake ikikaa kwenye joto. Inapaswa kuhifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8. Dawa iliyokwisha nguvu haibadiliki sura. Muuguzi huichoma akiamini amemkinga mama, na kumbe sivyo. Muuguzi wetu alizirudisha ampuli katika jokofu, akamjulisha mfamasia ili waamue zipi hazifai tena kutumika, kisha akabandika chati ya kuandika joto la jokofu asubuhi na jioni. Chati hizo zipo. Katika miezi sita iliyofuata joto lilivuka nyuzi 8 siku nne, na kila mara kuna maelezo ya hatua iliyochukuliwa.

Hapo neno kujituma limepata mwili. Hakuna aliyemtuma, jambo alilolishughulikia lina madhara yanayojulikana, na mtu yeyote wa kamati anaweza kuomba kuiona chati.

Uongozi: usiku mmoja na mipaka yake

Dai la uongozi ndilo zito kuliko yote, kwa sababu daraja linaloombwa linahusu kusimamia wengine. Kiongozi alikumbuka usiku mmoja wa Juni. Mama aliyejifungua mtoto wake wa nne alianza kutokwa damu nyingi dakika chache baada ya kondo la nyuma kutoka. Damu ikifikia mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa ni hatari. Mama huyo alikadiriwa kupoteza 900.

Katika rasimu ya pili kiongozi aliandika kwamba muuguzi huyu aliokoa maisha ya mama. Sentensi hiyo ilihitaji kuandikwa tena, kwa sababu bado inaficha kilichofanyika, na inambebesha mtu mmoja matokeo ya kazi ya watu watano. Jalada la mgonjwa lilisema zaidi. Muuguzi wetu aliita msaada, akamgawia kila aliyefika kazi yake: mmoja kusugua mfuko wa uzazi, wa pili kuweka mishipa miwili ya dripu kwa kanula kubwa na kuchukua damu ya kupimwa kundi, wa tatu kusimama na saa na kuandika kila dawa na muda wake. Daktari alipofika baada ya dakika 12, alikuta dripu mbili zinakwenda, oksitosini imechomwa, kibofu kimetolewa mkojo, na karatasi yenye mfuatano wa muda. Mama aliruhusiwa siku ya nne.

Kinachothibitisha uongozi hapa ni ugawaji wa kazi na karatasi ya muda. Kupona kwa mama ni habari njema, lakini mama mwingine angeweza kufariki hata baada ya kazi kama hiyo, na kazi isingekuwa mbaya kwa sababu hiyo. Anayeandika pendekezo anapaswa kuonyesha kwanza kitendo, kisha matokeo, bila kuyafanya matokeo kuwa ndiyo kipimo pekee.

Lipo pia suala la idadi. Tukio moja linatosha kusema alionyesha uwezo wa kuongoza dharura. Halitoshi kusema daima au kila mara. Kiongozi alitafuta tukio la pili lisilo la dharura, akalipata katika muhtasari wa kikao cha wodi. Wiki moja baada ya usiku ule, muuguzi huyu ndiye aliyeongoza mjadala wa kupitia tukio, na katika mjadala huo ilibainika kwamba kipimo cha shinikizo la damu kilichelewa kupatikana kwa sababu kilikuwa kimeazimwa na wodi jirani. Tangu siku hiyo vifaa vya toroli ya dharura huhesabiwa mwanzoni mwa kila zamu na kutiwa saini. Matukio mawili ya aina tofauti, moja la haraka na jingine la utulivu, yana uzito kuliko matano yanayofanana.

Vifo vilivyopungua: dai lililoondolewa

Rasimu ya kwanza ilisema muuguzi huyu amechangia kupunguza vifo vya kina mama. Takwimu za wodi zilionekana kuunga mkono: mwaka mmoja walifariki wanne, uliofuata wakafariki wawili. Kiongozi wengi wangeishia hapo na kuandika kwamba vifo vimepungua kwa nusu.

Dai hilo haliwezi kusimama, kwa sababu mbili. Kwanza, idadi ni ndogo mno. Kutoka wanne hadi wawili kunaweza kutokea kwa bahati tu, na mwaka unaofuata idadi ikarudi juu pasipo mtu yeyote kuzembea. Pili, vifo vya wajawazito hutegemea mambo mengi yaliyo nje ya mkono wa muuguzi mmoja: gari la wagonjwa, upatikanaji wa damu, daktari wa upasuaji, na saa ambayo mama alitoka nyumbani. Mjumbe wa kamati mwenye uzoefu analijua hilo, na akishaona dai moja limetiwa chumvi huanza kuyatilia shaka na yale ya kweli.

Kiongozi akajiuliza swali dogo zaidi: katika njia ndefu inayoelekea kwenye vifo hivyo, ni kipande kipi ambacho muuguzi huyu alikigusa kwa mkono wake? Jibu lilikuwa patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanapaswa kuandikwa humo kila nusu saa mama anapokuwa katika uchungu uliokolea, ili dalili za mtoto kuchoka zionekane mapema. Tangu Julai muuguzi huyu alichukua majalada 20 kila mwisho wa mwezi na kuhesabu ni mangapi yamejazwa ipasavyo, akabandika matokeo ukutani bila majina ya wauguzi. Mwezi wa kwanza yalikuwa 9 kati ya 20. Mwezi wa sita yalikuwa 16 kati ya 20.

Hata hapa maneno yalichaguliwa kwa uangalifu. Waliojaza chati ni wodi nzima, na 20 si idadi kubwa. Pendekezo likasema kwamba yeye ndiye aliyeanzisha na kuendesha hesabu hiyo, na kwamba ujazaji wa wodi ulipanda katika kipindi hicho. Halikusema kwamba yeye ndiye aliyeupandisha. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ndogo kwa macho, lakini ya pili ingeweza kubishaniwa na ya kwanza haiwezi.

Uadilifu na ushirikiano

Uadilifu ni dai gumu, kwa kuwa mara nyingi huthibitishwa na jambo ambalo halikutokea. Kiongozi alipoulizwa anamaanisha nini, alisema muuguzi huyu hajawahi kushitakiwa kwa lolote. Lakini hivyo ndivyo walivyo wauguzi wengi, na kutoshitakiwa si sifa ya kumpandisha mtu. Baada ya kutafuta alipata kitu chembamba lakini cha hakika: muuguzi huyu ndiye aliyekabidhiwa daftari la dawa zinazodhibitiwa, zikiwamo sindano za pethidini, na katika ukaguzi sita wa mwaka huo hesabu ya daftari ililingana na dawa zilizokuwa kabatini. Neno mwadilifu likaondoka, na mahali pake pakaingia ukaguzi sita. Msomaji atahitimisha mwenyewe.

Dai la ushirikiano halikupata tukio lolote. Kiongozi alijua kwamba muuguzi huyu anapendwa na wenzake, lakini hakuweza kutaja siku hata moja ambayo kupendwa huko kulibadilisha kazi. Alilifuta. Kufuta dai hakumpunguzii mtumishi heshima. Dai tupu ndilo linalopunguza, kwa kuwa humfanya msomaji apite haraka juu ya lile lenye uzito lililo jirani yake.

Kujali wagonjwa bila kuwaanika

Dai la mwisho ndilo linalowagusa wagonjwa moja kwa moja, na ndilo lenye hatari yake. Katika sanduku la maoni kulikuwa na barua ya mama aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufariki. Aliandika kwamba alilazwa katikati ya kina mama wenye watoto wachanga, akawa analia usiku kucha kila mtoto wa jirani alipolia, hadi muuguzi huyu alipokuja, akakaa naye, kisha akaomba kwa muuguzi wa zamu kitanda cha pembeni chenye pazia. Kuanzia hapo wodi ilitenga vitanda viwili kwa ajili ya kina mama wa namna hiyo, na utaratibu huo uliandikwa katika kikao cha Septemba.

Mfano huo una nguvu kuliko wote, na kishawishi ni kuunukuu mzima. Lakini barua ya pendekezo hupita mikononi mwa makarani, maofisa utumishi na wajumbe ambao hawakuhusika na matibabu. Katika wilaya ndogo, kutaja mwezi, kata na aina ya msiba kunatosha kumtambulisha mama huyo hata kama jina lake halikuandikwa. Siri ya mgonjwa haikomi kwa sababu nia ya mwandishi ni njema. Kwa hiyo pendekezo lilitaja utaratibu wa vitanda viwili na kikao kilichoupitisha, likasema umetokana na maoni ya mgonjwa, na likaishia hapo. Kwa mfano wa damu pia, namba ya jalada haikuandikwa katika barua. Ilibaki katika kumbukumbu za wodi, ambako mkaguzi mwenye ruhusa anaweza kuifikia.

Pendekezo lililoandikwa upya

Baada ya kazi hiyo, mwili wa barua ulisomeka hivi:

*Ninampendekeza mtumishi tajwa apandishwe kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II kwenda Daraja la I. Nimemsimamia kwa miaka minne katika wodi ya wazazi, na mengi ya ninayoyaeleza hapa ni ya mwaka uliopita.*

*Mwezi Machi alibaini kwamba oksitosini inahifadhiwa nje ya jokofu. Alimjulisha mfamasia na kuanzisha chati ya joto inayojazwa mara mbili kwa siku. Chati za miezi sita zipo wodini, na siku nne ambazo joto lilizidi zote zina maelezo ya hatua zilizochukuliwa.*

*Mwezi Juni aliongoza zamu ya usiku wakati wa dharura ya kutokwa damu baada ya kujifungua. Aligawa kazi kwa wauguzi watatu na kuhakikisha muda wa kila hatua unaandikwa. Daktari alipofika baada ya dakika 12 hatua za mwanzo zilikuwa zimekamilika. Wiki iliyofuata aliongoza kikao cha kupitia tukio hilo, ambacho kilianzisha utaratibu wa kuhesabu vifaa vya dharura kila zamu.*

*Tangu Julai ameendesha hesabu ya kila mwezi ya ujazaji wa patografu. Katika kipindi hicho majalada yaliyojazwa ipasavyo wodini yalitoka 9 hadi 16 kati ya 20. Anatunza daftari la dawa zinazodhibitiwa, ambalo halikuwa na tofauti katika ukaguzi sita. Kutokana na maoni ya mgonjwa, alipendekeza kina mama waliopoteza watoto watengewe vitanda. Wodi ilipitisha utaratibu huo Septemba.*

*Bado hajapata nafasi ya kuandaa ratiba ya zamu ya mwezi mzima, na ningependa aanze kuifanya akiwa katika daraja jipya.*

Barua ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haina hata neno moja la kusifia. Sentensi ya mwisho iliwashangaza waliosoma rasimu. Kutaja jambo ambalo mtumishi hajalifanya si kumharibia. Humwonyesha msomaji kwamba mwandishi alitazama pande zote, na hivyo huyapa uzito yaliyotangulia. Mpaka wake ni kwamba pengo litajwe kama kitendo kilicho wazi na kinachoweza kujifunzwa. Kuandika kwamba anahitaji kukomaa zaidi kungekuwa kurudi kwenye maneno yaleyale ya bodi za marubani.

Maneno yanayowaangukia wanawake

Ipo sababu nyingine ya kudai mifano, na katika taaluma yenye wanawake wengi kama uuguzi haifai kupuuzwa. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za mapendekezo ya walimu wa chuo kimoja cha tiba nchini Marekani. Barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi, zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kupanda shaka, na ziliwasifu zaidi kwa juhudi, huku za wanaume zikitaja zaidi utafiti na uwezo wao. Waandishi wa barua hizo hawakulazimika kuwa na nia mbaya. Neno likikosa tukio la kulishika, mazoea ya mwandishi ndiyo yanayolichagua.

Kiongozi anaweza kujipima kwa njia rahisi. Aisome barua aliyomwandikia muuguzi wa kike, kisha aisome kana kwamba inamhusu wa kiume, akiangalia ni maneno gani yanaanza kusikika vibaya masikioni. Maneno kama mpole, mnyenyekevu na mwenye huruma huanguka mara nyingi katika jaribio hili. Ukaguzi sita wa daftari la dawa hauanguki.

Kazi inayoanza kabla ya barua

Ugumu mkubwa wa njia hii ni kwamba haiwezi kufanywa vizuri siku ya mwisho. Wodi isiyo na chati wala mihtasari haitakuwa na mifano, hata kama wauguzi wake ni hodari. Pia haina haki kwa wale ambao kazi yao huonekana kidogo, mathalani wa zamu za usiku, ambao kiongozi wao hulala wakati wanapofanya kazi. Kwa sababu hiyo inafaa muuguzi mwenyewe awe na daftari dogo, aandike mistari mitatu kila mwezi: jambo moja alilofanya, tarehe yake, na mahali lilipoandikwa. Jina la mgonjwa lisiingie humo. Wakati wa kujaza tathmini ya mwaka katika PEPMIS, au kiongozi anapoandaa pendekezo, mistari hiyo 36 itakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Kiongozi naye asiipokee tu. Ailinganishe na maandishi ya wodi kabla ya kuitia saini, kwa kuwa sahihi ni yake.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Karatasi nyingi katika masanduku ya maoni husema nesi fulani ni mzuri sana, au wauguzi wa hapa wana lugha chafu. Zote mbili zina upungufu uleule wa rasimu ya kwanza. Mgonjwa akiandika siku, zamu, na jambo lililofanyika, kwamba Jumanne usiku muuguzi alimweleza kila dawa kabla ya kumpa, au kwamba aliita mara tatu pasipo kujibiwa, karatasi hiyo inaweza kusafiri. Yule mama wa kitanda cha pembeni hakuandika kwamba muuguzi ana moyo mzuri. Aliandika kilichotokea usiku ule, na kwa sababu hiyo vitanda viwili vipo.